Kilevi Kazini: Kumsaidia Mfanyakazi Kwanza, na Mipaka ya Kumpima

Wengi wetu tukiwa bado seminarini hatujioni kama waajiri wa kesho. Tunajiona kama wahudumu wa Neno na Sakramenti. Lakini siku padre anapokabidhiwa parokia, pamoja na funguo za kanisa anakabidhiwa watu wanaolipwa mshahara: dereva, mlinzi, mpishi, mwendesha kinu, mhasibu, na mahali pengine walimu na wauguzi. Wapo pia waamini wanaosoma ukurasa huu ambao wana maduka, malori, mashine za kukoboa mpunga na vikundi vya vibarua. Kwa hiyo makala hii inatuhusu sote. Tunataka kueleza jinsi mahali pa kazi panavyoweza kuwa na utaratibu mzuri juu ya pombe na dawa za kulevya, utaratibu unaotanguliza msaada, na unaojua mahali pa kusimama katika kuwapima watu.

Tunaweka mfano wetu Bukene, wilayani Nzega, kwa sababu Bukene ni mji wa njia na wa kazi za njiani. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita nchi hii wakitoka Unyanyembe kuelekea ziwani. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ina stesheni hapo. Siku hizi katika ukanda huohuo inajengwa reli ya kisasa ya Tabora hadi Isaka, na katika wilaya hiyohiyo, kijijini Sojo, kimejengwa kiwanda cha kuandaa mabomba ya mradi wa mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga. Miradi mikubwa ina sera zake zilizoandikwa. Mtu mwenye lori moja, au parokia yenye wafanyakazi sita, kwa kawaida haina hata ukurasa mmoja. Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu bila maandishi mambo mawili hutokea: ama mlevi anavumiliwa miaka mingi hadi siku ya ajali, ama anafukuzwa kwa hasira asubuhi moja.

Maswali matatu yasichanganywe

Mfanyakazi akifika kazini ananuka pombe, yapo maswali matatu mbele ya msimamizi. La kwanza: je, mtu huyu anaweza kufanya kazi yake salama sasa hivi? La pili: je, amevunja kanuni ya kazi? La tatu: je, ni mgonjwa anayehitaji matibabu?

Swali la kwanza hujibiwa papo hapo, kwa dakika chache. La pili hujibiwa kwa kikao, baada ya kumsikiliza. La tatu hujibiwa na mtaalamu wa afya, si na msimamizi. Makosa mengi hutokana na kuyajibu yote matatu kwa pumzi moja: “Umelewa, wewe ni mlevi, nenda zako.” Sera nzuri ni ile inayoyatenganisha maswali haya na kutaja nani anajibu lipi.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 1996 mwongozo wake kuhusu pombe na dawa za kulevya mahali pa kazi. Msingi wake ni kwamba matatizo haya yatazamwe kama matatizo ya afya, yashughulikiwe bila ubaguzi kama ugonjwa mwingine wowote, na kanuni ziwe zilezile kwa wakubwa na kwa wadogo. Mwongozo haukumnyang’anya mwajiri mamlaka ya nidhamu. Unasema tu kwamba ushauri na matibabu vitangulie inapowezekana. Sheria yetu imefuata njia hiyohiyo. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinautazama ulevi na matumizi ya dawa za kulevya kuwa hali ya kukosa uwezo wa kazi ambayo ushauri nasaha na matibabu ya kurekebisha vinaweza kuwa hatua zinazofaa.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi

Tuchukue mfano wa kubuni. Dereva wa parokia, mwanamume wa kilo 70 hivi, anatakiwa kuondoka Bukene Jumatatu alfajiri kupeleka magunia ya mchele Nzega mjini. Jumapili kulikuwa na harusi. Alianza kunywa bia saa mbili usiku, akamaliza chupa ya sita saa sita usiku, akalala. Saa kumi na mbili asubuhi anaamka, ameoga, amekunywa chai, na anaapa kwamba pombe imekwisha. Hadanganyi. Ndivyo anavyojisikia.

Hebu tupige hesabu. Chupa moja ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi halisi. Kwa mtu wa uzito huo kila chupa hupandisha kiwango cha kilevi kwa miligramu 40 hivi katika kila mililita 100 za damu. Chupa sita ni 240. Ini huondoa wastani wa miligramu 15 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa, maji ya baridi, wala supu. Kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi, yaani 150 zimeondoka. Zimebaki 90. Kiwango ambacho sheria yetu ya usalama barabarani inakataza dereva kukivuka ni 80. Dereva wetu amelala, ameoga, na bado amevuka. Atakuwa karibu na sifuri saa sita mchana.

Hesabu hii ni ya makadirio. Mwili wa mwanamke, mtu mwembamba, au mwenye ini bovu huenda tofauti, na pombe za kienyeji kama wanzuki hazina nguvu moja inayojulikana. Hata hivyo inatufundisha jambo la kuandika katika sera: kanuni isiseme tu “usinywe kazini.” Kwa kazi za hatari iseme mtu aache kunywa saa ngapi kabla ya zamu, na impe ruhusa ya kusema mapema, “Leo siko sawa, naomba mwingine aendeshe,” bila kuadhibiwa kwa kusema hivyo mara ya kwanza. Dereva aliyepiga simu saa kumi na moja alfajiri amemwokoa mtu barabarani. Tukimwadhibu, wiki ijayo hatapiga.

Sasa tuseme hakupiga simu. Amefika, na katibu wa parokia ananusa pombe. Afanye nini?

Kwanza, amwite mtu wa pili aone pia. Macho mawili yanaweza kuwa na chuki, manne hupunguza hatari hiyo. Pili, waandike walichokiona, si walichohukumu. “Alikuwa amelewa” ni hukumu. “Saa 12:10, harufu ya pombe mdomoni, macho mekundu, ameangusha funguo mara mbili, anarudia maneno” ni ushahidi. Tatu, wamuulize kwa upole kama anaumwa au anatumia dawa yoyote. Mwenye kisukari aliyeshukiwa na sukari, mwenye malaria kali, mwenye kifafa aliyetoka kuanguka, au aliyeanza kupatwa na kiharusi, wote wanaweza kuyumba na kuongea ovyo. Wapo watu waliofungiwa chumbani “walale pombe iishe” kumbe walihitaji hospitali. Mtu asiyeamka akiitwa, anayetapika akiwa hajitambui, au anayepumua polepole apelekwe kituo cha afya mara moja.

Nne, aondolewe kwenye gari kwa siku hiyo. Huu si uamuzi wa nidhamu, ni wa usalama tu. Tano, apelekwe nyumbani na mtu. Asiachwe apande pikipiki yake. Mwajiri aliyemwona hafai kuendesha lori kisha akamwacha aendeshe pikipiki hajazuia ajali, ameihamishia barabara nyingine. Sita, mazungumzo rasmi yasubiri siku inayofuata. Maneno ya mtu aliyelewa si maelezo ya kujitetea, na maneno ya msimamizi aliyekasirika si kikao.

Kupima: kunakoweza na kusikoweza

Mtaona kwamba hatua zote hizo sita hazikuhitaji kipimo. Kipimo ni msaada wa uamuzi, na kina mipaka ambayo sera lazima iitaje waziwazi. Tunapendekeza mipaka minne.

Mpaka wa kwanza ni nani apimwe. Wapimwe wale tu ambao kosa lao la dakika moja laweza kumuua au kumlemaza mtu: madereva, waendesha mitambo, walinzi wenye silaha, wauguzi wanaotoa dawa, mafundi wa umeme na wa juu ya paa. Mpiga chapa na mfagiaji hawana sababu ya kupimwa. Kama kazi yao imezorota, wazungumziwe juu ya kazi yenyewe.

Mpaka wa pili ni lini. Sera itaje nyakati tatu: dalili za wazi zilizoandikwa na watu wawili, baada ya ajali au tukio lililokaribia kuwa ajali, na katika kipindi cha kurudi kazini baada ya matibabu kama mfanyakazi mwenyewe alikubali kwa maandishi. Kupima watu kwa kuwashtukiza kwa sababu bwana mkubwa amesikia maneno kijiweni kusiruhusiwe. Tena mtu asipimwe kwa sababu tu aliwahi kuomba msaada. Siku tukifanya hivyo, hakuna mwingine atakayeomba.

Mpaka wa tatu ni kipimo kinajibu nini. Hapa wengi hukosea. Kifaa cha kupimia pumzi hueleza pombe iliyomo mwilini sasa, na ndiyo maana kinafaa kwa swali letu la kwanza. Hata hivyo pombe iliyobaki mdomoni, ikiwa ni pamoja na dawa fulani za kusukutulia, hupandisha kipimo kwa uongo. Kwa hiyo mtu angojeshwe dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta, apimwe, kisha arudiwe baada ya dakika chache. Kifaa kiwe kimesahihishwa kwa tarehe inayojulikana, na tarehe hiyo iandikwe kwenye fomu. Bila hayo, namba inayoonekana haina thamani mbele ya mtu yeyote.

Kipimo cha mkojo ni jambo jingine kabisa. Mabaki ya bangi yanaweza kuonekana kwenye mkojo siku kadhaa baada ya kuvuta, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Majibu yakiwa chanya yanasema mtu alivuta siku zilizopita. Hayasemi kwamba Jumatatu saa kumi na mbili hakuweza kuendesha. Zaidi ya hayo, vile vipande vya kuchovya vinavyouzwa madukani ni vya kuchuja tu. Mtu aliyemeza dawa ya kikohozi au ya maumivu yenye kodeini, aliyoandikiwa na daktari, anaweza kuonekana sawasawa na mtumiaji wa heroini. Kwa hiyo sera iseme: hakuna hatua ya nidhamu kwa kipande cha kuchovya peke yake. Majibu ya awali yathibitishwe maabara, na mhusika aulizwe dawa anazotumia na mtaalamu wa afya kabla ya mwajiri kuambiwa lolote. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara za kanda, ikiwemo ya Mwanza. Kama mwajiri hana uwezo wa kufika huko, basi ajue hana uwezo wa kutumia kipimo cha mkojo, na aishie kwenye dalili alizoziona.

Mpaka wa nne ni nani anajua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msimamizi anahitaji neno moja tu: anafaa kwa kazi ya leo au hafai. Majina ya dawa, historia ya ugonjwa na namba za maabara zibaki kwa mtaalamu wa afya. Sampuli iliyotolewa kwa ajili ya kilevi isitumiwe kupima ujauzito, Virusi vya Ukimwi, wala kitu kingine. Na muuguzi wa zahanati ya parokia anayemtibu mtu asitumwe kumpima kwa ajili ya mwajiri. Akifanya kazi zote mbili, mgonjwa hatamwambia tena ukweli.

Je, akikataa kupimwa? Kukataa si kukiri. Asishikwe kwa nguvu. Ataondolewa kwenye gari siku hiyo kama ambavyo angeondolewa, na uamuzi wa baadaye utategemea yale yaliyoandikwa na mashahidi wawili.

Njia ya msaada hatua kwa hatua

Jumanne dereva wetu anakaa na paroko na katibu, akiwa na mwenzake aliyemchagua. Anasomewa yaliyoandikwa, anapewa nafasi ya kujieleza. Tuseme anaeleza kwamba tangu mwaka jana hawezi kumaliza siku bila kunywa, na asubuhi mikono hutetemeka hadi apate kidogo.

Maneno hayo yanabadilisha kila kitu. Kutetemeka asubuhi ni dalili kwamba mwili umezoea pombe. Mtu wa namna hiyo akiambiwa “acha kuanzia leo, la sivyo huna kazi,” anaweza kufa kwa utii wake. Dalili za kuacha ghafla huanza ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumpata katika siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kukali kwa siku ya pili hadi ya nne. Hospitalini hali hiyo inatibika kwa dawa za kutuliza zinazopunguzwa polepole na kwa vitamini B1. Nyumbani, peke yake, ni hatari. Kwa hiyo hatua ya kwanza si ahadi mbele ya altare wala kiapo mbele ya mke. Ni barua ya rufaa kwenda hospitali: ya wilaya, ya Ndala, au ya mkoa ya Kitete mjini Tabora.

Huko mtaalamu atatumia pengine dodoso la maswali kumi la Shirika la Afya Duniani, lenye alama 0 hadi 40. Kuanzia alama 8 unywaji unahesabiwa wa hatari, na 20 au zaidi huashiria utegemezi. Paroko asilichukue dodoso hili kuwahoji wafanyakazi ofisini. Maswali ya mganga yakiulizwa na mwajiri hupata majibu ya uongo.

Je, mshahara? Hapa waajiri wengi wanashangaa kusikia kwamba sheria tayari imetoa njia. Mfanyakazi ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Anayetibiwa utegemezi wa pombe kwa cheti cha daktari ni mgonjwa kama wengine.

Akirudi, yaandikwe makubaliano ya ukurasa mmoja. Yataje muda, kwa mfano miezi sita. Kazi atakayofanya wakati huo, pengine ghalani badala ya barabarani hadi daktari aseme anafaa kuendesha. Siku za kliniki atakazoruhusiwa. Kama atapimwa pumzi na mara ngapi. Na nini kitatokea akivunja. Yaeleze pia tofauti kati ya kuanguka na kuficha. Kuanguka tena ni sehemu ya ugonjwa huu kwa watu wengi. Aliyeanguka Jumamosi akaja kusema Jumatatu kabla ya zamu arudishwe kwa daktari. Aliyeanguka akashika usukani amefanya jambo jingine.

Mahali msaada unapokoma

Kutanguliza msaada si kufuta nidhamu. Pasipo mpaka, wafanyakazi wengine wanabeba zamu za mlevi, na siku moja mtoto anagongwa barabarani. Tunaona mipaka mitatu inayoeleweka kwa kila mtu.

Wa kwanza, ulinzi wa kuomba msaada ni wa yule anayeomba kabla ya tukio. Anayesema “mimi ni mgonjwa” dakika kifaa kinapoletwa, baada ya kugonga ukuta, atasaidiwa kutibiwa, lakini kosa lake litasikilizwa kama kosa. Wa pili, anayeuza bangi, mirungi au gongo kazini, au anayebeba katika gari la kazi, hayuko katika njia ya msaada. Hayo ni makosa ya jinai. Wa tatu, anayekataa matibabu mara baada ya mara na kazi yake haiwezekani tena, ajira yake inaweza kusitishwa.

Hata hapo sheria inamtaka mwajiri aonyeshe vitu viwili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mfanyakazi anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko ataulizwa mwajiri, si dereva: kanuni iliandikwa wapi, alisomewa lini, barua ya kujieleza iko wapi, alipelekwa hospitali lini. Mwajiri aliyefukuza kwa mdomo atakuwa na hasira yake tu ya kuonyesha.

Mwajiri naye ajitazame

Sheria inaruhusu sehemu ya malipo itolewe kwa vitu, lakini inakataza katakata vitu hivyo kuwa pombe. Desturi ya kuwaita watu shambani na kuwalipa kwa pombe inajulikana sana kwetu. Kwa majirani wanaosaidiana ni ujirani, kwa kibarua wa mavuno ya mpunga ni mshahara wake umenywewa. Hatuwezi kumwajibisha Jumatatu mtu tuliyemlipa kwa debe la pombe Jumamosi.

Kanuni ya gari nayo imhusu padre. Gari la parokia halijui nani amepewa daraja. Kanisa lenyewe limewahi kuonyesha namna ya kurekebisha kazi ili mgonjwa aweze kuifanya: kwa barua ya Julai 2003, Idara ya Mafundisho ya Imani ilieleza kwamba askofu anaweza kumruhusu padre asiyeweza kunywa divai kutumia maji ya zabibu ambayo uchachu wake umesimamishwa mwanzoni. Padre huyo hakuondolewa altareni. Kilichobadilishwa ni kilichomo ndani ya kalisi, kwa ruhusa na kwa utaratibu.

Kuna jambo la mwisho ambalo ni la mapadre peke yao. Dereva akikiri ulevi wake kwenye kitubio, paroko amesikia kama muungamishi, si kama mwajiri. Kanuni ya 984 ya Sheria ya Kanisa inamkataza muungamishi kutumia alichojua huko kwa namna ya kumdhuru mwungamaji, na inamkataza mwenye mamlaka kukitumia katika uongozi wa nje. Kwa hiyo hawezi kumwondoa kwenye gari kwa sababu ya kitubio, wala kumtuma katibu “amchunguze.” Anachoweza ni kumhimiza palepale aende mwenyewe kusema, na kuwa tayari nje na utaratibu unaompokea anayesema. Ndiyo maana ni afadhali katika parokia mtu wa kupokea maombi ya msaada awe mwingine, mlei anayeaminika, ambaye jina lake limeandikwa kwenye sera.

Yote haya yanaweza kuingia katika kurasa mbili: kazi zipi ni za hatari, saa ngapi kabla ya zamu, nani anaangalia dalili na fomu iko wapi, nani anaweza kupimwa na lini, nani wa kuombwa msaada, hospitali gani, na msaada unakoma wapi. Zisomwe kwa Kiswahili mbele ya wafanyakazi wote, wajadili, wabadilishe panapofaa, waweke sahihi, na paroko aweke ya kwake chini ya zao.